Presha Haisukumi Msawazo: Dhana Potofu Kuhusu Kanuni ya Le Chatelier

Kila muhula huwapa wanafunzi wangu wa kidato cha sita swali lile lile, na kila muhula jibu lile lile hunirudia. Chombo kigumu kilichofungwa kina mchanganyiko wa N2O4 na NO2 uliokwisha kufikia msawazo. Gesi ya agoni inaingizwa ndani yake bila kubadili ujazo wala halijoto. Je, msawazo utaelekea wapi? Walio wengi huandika kwa kujiamini kwamba presha imeongezeka, na kwa kuwa presha imeongezeka, msawazo utaelekea upande wenye moli chache, yaani upande wa N2O4. Jibu sahihi ni kwamba hauelekei popote. Safari hii nimeamua kulieleza jambo hili kwa maandishi, kwa sababu kosa lenyewe halitokani na uvivu. Kanuni ya Le Chatelier husema kwamba msawazo ukiguswa na badiliko, huelekea upande unaolipunguza badiliko hilo. Kosa linatokana na sentensi moja iliyotolewa kwenye kanuni hiyo, ambayo watoto wamekaririshwa bila kuambiwa mipaka yake.

Dhana: presha ikiongezeka, msawazo huelekea upande wenye moli chache.

Sentensi hiyo ni kweli pale tu presha inapoongezeka kwa sababu ujazo umepunguzwa. Molekuli ya NO2 haina namna ya kujua kipimo cha presha kilichofungwa ukutani mwa chombo kinasoma ngapi. Kinachoamua mwelekeo ni presha ya kila gesi inayoshiriki kwenye mmenyuko, ikihesabiwa peke yake, na uwiano kati ya presha hizo. Uwiano huo, bidhaa zikiwa juu na vinavyomenyuka vikiwa chini, tunauita Q, na tunaulinganisha na konstanti ya msawazo, K, ambayo ndiyo thamani ya uwiano huo kwenye msawazo. Q ikiwa kubwa kuliko K, mmenyuko unarudi nyuma. Ikiwa ndogo, unakwenda mbele. Zikilingana, hakuna kinachosogea.

Tuchukue mmenyuko wenyewe:

N2O4 ⇌ 2NO2

Katika nyuzi 25 za Selsiasi, K yake ni takriban 0.15, presha zikipimwa kwa atm. Tuseme ndani ya chombo presha ya NO2 ni 0.30 na ya N2O4 ni 0.60. Ukizidisha 0.30 kwa 0.30, kwa kuwa moli za NO2 ni mbili, kisha ukagawanya kwa 0.60, unapata 0.15 kamili, kwa hiyo mchanganyiko umo kwenye msawazo, na presha ya jumla ni 0.90.

Sasa ongeza agoni ya presha 0.90 huku kuta za chombo zikiwa pale pale. Kipimo kitapanda hadi 1.80, mara mbili ya mwanzo, na hapo ndipo mwanafunzi hukimbilia kuchora mshale wa mwelekeo. Lakini molekuli za NO2 ni zile zile, katika nafasi ile ile, kwa halijoto ile ile, na presha yake bado ni 0.30. Ya N2O4 nayo bado ni 0.60. Q haijabadilika hata chembe, na msawazo umetulia mahali pake.

Ongeza agoni hiyo hiyo, safari hii kwenye chombo chenye pistoni inayosogea, ili presha ya jumla ibaki 0.90. Pistoni itarudi nyuma na ujazo utakuwa mara mbili. Kabla ya mmenyuko kuitikia, presha ya NO2 itakuwa imeshuka hadi 0.15 na ya N2O4 hadi 0.30. Q sasa ni 0.075, nusu ya K, na N2O4 itaanza kuvunjika kutoa NO2 zaidi. Agoni ni ile ile isiyomenyuka na chochote. Katika chombo cha kwanza kipimo kilipanda maradufu na hakuna kilichotokea. Katika cha pili kipimo hakikusogea, na msawazo ukahama. Anayetazama kipimo cha presha peke yake atakosea mara zote mbili.

Jambo hili lina uzito viwandani. Katika utengenezaji wa amonia, nitrojeni kwa kawaida hutoka hewani, na hewa ina agoni kidogo. Gesi ambazo hazijamenyuka huzungushwa tena na tena kwenye mtambo, agoni nayo huzunguka pamoja nazo na kujilimbikiza. Kwa kuwa mtambo unaendeshwa kwa presha ya jumla isiyobadilika, kila sehemu inayokaliwa na agoni ni sehemu iliyonyang'anywa nitrojeni na haidrojeni, na amonia inayopatikana hupungua. Ndiyo sababu wahandisi hutoa nje sehemu ya gesi inayozunguka kila wakati, ingawa wanajua kuwa wanatoa pamoja na haidrojeni iliyowagharimu.

Ushauri wangu, ambao wanafunzi wangu wameuchoka na bado nitaurudia, ni huu: usichore mshale kabla hujauliza kama kuta za chombo zinasogea, na usichore mshale kabla hujaandika Q. Maswali hayo mawili yanachukua nusu dakika.

Dhana: msawazo ukihama, hufuta kabisa badiliko lililofanywa.

Hii ni ndugu ya ile ya kwanza, na huonekana vizuri kwenye bomba la sindano la kioo. Ukiwa na kabati la maabara linalofyonza hewa, maana NO2 ni sumu kwa mapafu na haichezewi mezani, jaza bomba kwa mchanganyiko huo wa rangi ya kahawia, ziba mdomo wake, liweke mbele ya karatasi nyeupe, kisha kandamiza hadi ujazo ubaki nusu. Ukitazama kwa ubavuni, rangi hukolea ghafla, halafu hufifia kidogo. Wanafunzi wengi wataandika kwamba mwishoni rangi ni hafifu kuliko mwanzo, kwa kuwa msawazo umeelekea upande wa N2O4 isiyo na rangi.

Tuhesabu. Mara baada ya kukandamiza, NO2 ni 0.60 na N2O4 ni 1.20. Q imekuwa 0.30, mara mbili ya K, kwa hiyo mmenyuko unarudi nyuma. Ukikokotoa hadi Q irudi 0.15, halijoto ikiwa imerejea nyuzi 25, utapata NO2 ya takriban 0.44 na N2O4 ya takriban 1.28. Presha ya jumla, iliyokuwa 0.90 na kurukia 1.80, imeshuka hadi kama 1.72 tu. Msawazo umepunguza badiliko kidogo, haukulifuta. NO2 imeshuka kutoka 0.60, ni kweli, lakini 0.44 bado ni zaidi ya 0.30 ya mwanzo, na ubavuni rangi inabaki imekolea kuliko ilivyokuwa.

Kwa nini basi wapo wanaoapa kwamba waliiona ikififia kupita mwanzo? Wengine wanasema kweli, ila walitazama kutoka mwisho wa bomba, kwa urefu wake. Ukitazama hivyo, kukandamiza hakuongezi idadi ya molekuli zilizo kati ya jicho na karatasi, kwani zile zile zimesogezwa karibu tu. Ukolezi umepanda maradufu lakini safari ya mwanga imekuwa fupi kwa nusu, na hayo mawili yanafidiana. Kinachobaki kuonekana ni upungufu wa molekuli za NO2 zilizogeuka N2O4, na rangi kweli huwa hafifu kuliko mwanzo. Ubavuni upana wa bomba haubadiliki, kwa hiyo jicho linaona ukolezi. Nawasihi walimu wenzangu waseme wazi mwanafunzi asimame wapi, kwa sababu nimeona mabishano ya kipindi kizima kati ya wanafunzi wawili ambao wote walikuwa sahihi.

Niongeze neno moja kuhusu kule kufifia. Mmenyuko huu ni wa haraka mno, haumngojei mtazamaji. Gesi inapokandamizwa kwa ghafla hupata joto, na joto huongeza NO2. Kufifia kunakofuatilika kwa jicho kwa sehemu kubwa ni gesi inayopoa kurudi kwenye halijoto ya chumba.

Dhana: joto huharakisha mmenyuko wa kwenda mbele, ndiyo maana bidhaa huongezeka.

Joto huharakisha pande zote mbili. Tofauti ni kwamba upande unaofyonza joto huharakishwa zaidi, na matokeo yake konstanti yenyewe hubadilika. Hili ndilo linaloitenga halijoto na mambo mengine yote yaliyotajwa hapa: presha na ujazo hubadilisha Q na kuiacha K ilipo, halijoto huigusa K. Kuvunja N2O4 hufyonza takriban kilojuli 57 kwa kila moli, kwa hiyo bomba la kioo lililozibwa likizamishwa kwenye maji ya moto rangi hukolea, na kwenye maji ya barafu hufifia. Amonia ni kinyume chake. Kuitengeneza hutoa joto, na kila unapopandisha halijoto kiasi chake kwenye msawazo hupungua. Viwanda hutumia nyuzi 400 hadi 500 kwa sababu kwenye halijoto ya chini mmenyuko ungekuwa wa polepole mno, hata kwa kichocheo. Mwanafunzi anayeandika kwamba joto hilo ni la kupata amonia nyingi zaidi kwenye msawazo ameligeuza jambo kichwa chini miguu juu.

Dhana: presha husogeza kila msawazo wa gesi.

Katika H2 + I2 ⇌ 2HI, zote zikiwa gesi, kuna moli mbili kila upande. Punguza ujazo kwa nusu, presha zote zitaongezeka maradufu, na kwenye Q ongezeko la juu litafutana na la chini. Msawazo utafikiwa haraka zaidi lakini hautahama.

Dhana: kichocheo huongeza bidhaa.

Kichocheo hushusha kizingiti cha nishati ambacho mmenyuko lazima ukivuke, na kizingiti ni kile kile kwa anayekwenda na anayerudi. Kwa hiyo pande zote mbili huharakishwa kwa kiwango sawa, na K haiguswi. Kiwanda chenye kichocheo hupata amonia nyingi kwa siku kwa sababu kinaukaribia msawazo upesi, lakini msawazo wenyewe uko pale pale ulipokuwa. Anayebisha na achukue chuma kile kile kinachotumika kuunganisha nitrojeni na haidrojeni, apitishe juu yake amonia tupu kwenye halijoto kali na presha ya kawaida: chuma hicho kitaivunja amonia irudi kuwa nitrojeni na haidrojeni.