Nguo ndotoni: iliyochanika, isiyo mahali pake na mpya kabisa

Kiswahili kina neno la kumvua mtu nguo, na anayelitumia mara nyingi hana maana ya kugusa shati la mtu. Mtu "amevuliwa nguo" pale siri yake inapotajwa mbele za watu. Kwa hiyo ukiota nguo imekuchanikia hadharani, sehemu ya kwanza ya kutazama ni hiyo: sura uliyojijengea mbele ya wenzako, yaani unavyotaka wakuone, na pale unapohisi haikutoshi.

Nichukue ndoto ya dada mmoja wa Mikindani, jirani yangu, aliyonisimulia asubuhi tukichota maji. Aliota yuko kwenye shughuli ya kumtoa mwali. Wanawake wote wamevaa sare ya kitenge cha kijani, yeye amevaa dera la kushindia nyumbani, limechanika begani. Akaushika mpasuko kwa mkono wa kulia usifunguke. Hakuna aliyemtazama, ngoma iliendelea, watu wakacheka mambo yao. Kisha akaletewa sahani ya pilau, akaipokea kwa mkono wa kushoto, na hapo ndipo shangazi yake alipomkazia macho. Akaamka.

Wasimuliaji wengi wangeishia kwenye dera. Mimi naona dera ndilo lenye maneno machache. Kikubwa ni kwamba watu hawakujali. Sigmund Freud, daktari wa Vienna, aliliandika jambo hili mwaka 1900 kuhusu ndoto za kuwa uchi: mwotaji anakufa kwa aibu, watazamaji wala habari hawana. Akaongeza kwamba kwa mtu aliyewahi kuwa mwanajeshi, uchi huo mara nyingi hubadilika ukawa kosa la sare, kama vile kutembea barabarani bila upanga huku maofisa wakimjia. Kwetu Kusini, ambako sare ya shughuli hupangwa wiki kadhaa kabla, sioni ajabu kitenge kikichukua nafasi ya upanga ule.

Watu wa ndotoni wakinyamaza, basi hofu haitoki kwao. Inatoka kwa mwenye ndoto. Ikawa ni kumuuliza: wiki hiyo ulikuwa unaficha nini? Akacheka kwanza. Ilikuwa Desemba, malipo yake ya korosho yalikuwa hayajaingia, na kwenye kikundi alikuwa amesema kitenge ameshanunua. Hakuwa amenunua. Lile dera ni hali yake halisi ya nyumbani, na mkono begani ni ule uongo mdogo. Tena angalia ndoto ilivyomaliza: kuficha mpasuko ndiko kulikomfanya apokee chakula kwa kushoto, na kosa hilo ndilo lililoonekana. Aliyeliona ni shangazi, ambaye ndiye aliyemwahidi kumsindikiza kwa fundi.

Nguo iliyochanika na nguo isiyo mahali pake si kitu kimoja. Mchaniko huelekea kwenye kitu unachodhani kimekuharibikia: pesa, ndoa, jina. Nguo nzima iliyovaliwa pasipostahili, kama kanzu safi shambani au suruali ya kazini msibani, huelekea kwenye swali la kama wewe ni wa pale. Mtu aliyerudi Newala au Nachingwea baada ya miaka mingi mjini anaweza kuiota bila kuwa na siri yoyote.

Na nguo mpya? Wengi huifurahia, ila nguo nyeupe mpya huwatia wengine hofu kwa kufikiria sanda. Kabla ya hofu hiyo, uliza ilikukaaje. Mpya inayobana, au yenye karatasi ya bei bado inaning'inia, hutokea kwa mtu aliyepewa cheo ambacho hajakizoea, kama mweka hazina mpya wa kikundi. Kama unajua ni ya kuazima, wahenga walishasema nguo ya kuazimwa haisitiri matako.

Waislamu wa pwani wana njia yao ya zamani ya kusoma nguo. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari, Mtume aliota watu wamevaa kanzu, za wengine zikiishia kifuani, ya Umar ikiburuzika chini, akaifasiri kuwa ni dini. Huko pia nguo inasema juu ya hali ya aliyeivaa.

Hayo yote yana mpaka wake. Fundi cherehani aliyeshinda akishona viraka ataota viraka, na aliyelala shuka limemzonga shingoni ataota kola inayombana. Dada yangu yule hakuiota tena baada ya kumwambia shangazi ukweli. Kitenge alikopeshwa, akalipa korosho zilipolipwa.