Cheti cha riba cha benki hakilingani na stetimenti zako? Anza na ile tofauti yenyewe

Kila msimu wa ritani za kodi tunapata watu wanakuja na karatasi mbili mkononi, moja ni cheti cha mwisho wa mwaka kutoka benki kinachoonyesha riba waliyopata na kodi ya zuio waliyokatwa, nyingine ni rundo la stetimenti za kila mwezi, na namba haziendani. Wengi wameshaamua kwamba benki imewaibia au imekosea. Mara nyingi benki haijakosea, ila stetimenti na cheti vinaongea kuhusu pesa ileile kwa namna mbili tofauti, na mtu akijua tofauti inatoka wapi anaipata yote hadi senti ya mwisho.

Twende na mfano mmoja mpaka mwisho maana ndo utaeleweka vizuri. Namba ni za kufundishia tu, na kiwango cha kodi ya zuio nimeweka asilimia 15, wewe utaweka cha kwenu.

Mteja ana akaunti ya akiba inayolipa riba kila mwezi, na ana amana ya muda maalumu, ile wengi wanaiita fiksidi, ya 1,000,000 kwa miezi sita. Cheti chake kinasema riba ghafi 64,150 na kodi iliyokatwa 9,622.50. Yeye amekaa na stetimenti, amepiga mstari kila penye riba, amejumlisha akapata 56,200. Kodi aliyoiona kwenye stetimenti zote ni 1,800 tu. Kwa hiyo riba imepishana kwa 7,950, na kodi ndo kabisa haikaribiani.

Kabla hujapiga simu popote, fanya kitu kimoja kidogo. Chukua kodi ya kwenye cheti ugawe kwa riba ya kwenye cheti. Hapa ni 9,622.50 kwa 64,150, inatoka 0.15 kamili, yaani asilimia 15. Hiyo inakwambia cheti chenyewe kiko sawa ndani yake, na kwamba ile 64,150 ni riba kabla ya kukatwa kodi. Ukipata kitu kama 0.137 au 0.1624 hapo simama, maana yake kuna kitu kimechanganyika humo ndani, labda kiwango kilibadilika katikati ya mwaka, labda kuna akaunti ambayo haikukatwa kodi, au kuna riba ilirudishwa na kodi yake haikurudishwa (hii inatokea sana mtu akivunja fiksidi kabla ya muda).

Sasa turudi kwenye stetimenti, safari hii tusijumlishe tu, tusome kila mstari umeandikwaje. Januari mpaka Juni benki ilikuwa inaandika mistari miwili, mmoja wa riba inaingia, mwingine chini yake wa kodi inatoka, mara nyingi umeandikwa WHT. Riba za miezi hiyo sita ni 1,900, 1,850, 2,000, 1,950, 2,100 na 2,200, jumla 12,000, na kodi yake 1,800. Hapo hakuna shida. Kuanzia Julai benki ikabadilisha mfumo, ukiangalia unaona mstari mmoja tu, 1,700 kila mwezi, hakuna WHT. Mteja akasema kumbe kuanzia Julai hawanikati kodi tena, na riba imeshuka. Hapana, hiyo 1,700 imeshakatwa tayari, kodi imetolewa kabla pesa haijafika kwenye akaunti kwa hiyo stetimenti haina cha kuonyesha.

Kurudisha riba ghafi kutoka kwenye riba iliyokatwa ni hesabu hii:

```
riba ghafi = riba iliyoingia / (1 - kiwango)
1,700 / 0.85 = 2,000
```

Angalia hapa watu wengi wanateleza, wanachukua 1,700 wanaongeza asilimia 15 juu yake wanapata 1,955. Sio hivo, kwa sababu asilimia 15 ilikatwa kwenye 2,000 na sio kwenye 1,700, kwa hiyo unagawa, huongezi. Miezi sita ya 2,000 ni 12,000, kodi iliyojificha ni 1,800. Tayari tumepata 1,800 ya ile tofauti.

Fiksidi nayo. Kwenye stetimenti ya Septemba kuna mstari mmoja tu, 1,034,000 imeingia. Mteja akatoa mtaji wake akabaki na 34,000 akaandika hiyo ndo riba. Sasa ile karatasi ya amana aliyopewa siku anafungua inasema asilimia 8 kwa mwaka kwa miezi sita, ambayo kwa 1,000,000 ni 40,000. (Benki nyingi zinahesabu kwa siku kwa hiyo yako inaweza kupishana kidogo na hesabu ya miezi, usishtuke.) Ukitoa asilimia 15 ya 40,000, yaani 6,000, unabaki na 34,000 ileile. Kwa hiyo 6,000 nyingine imepatikana. Hizo karatasi za fiksidi watu wanazitupa pesa ikishatoka, na ndo karatasi pekee inayoonyesha riba kamili kabla ya cheti kuja, tafadhali tunza.

Mpaka hapo tuna 12,000 na 12,000 na 40,000, jumla 64,000, kodi 9,600. Cheti kinasema 64,150 na 9,622.50. Imebaki 150 ya riba na 22.50 ya kodi.

Hii 150 ndo naomba usiiache hata kama ni ndogo, kwa sababu tofauti ndogo inaweza kuwa imebeba namba mbili kubwa zinazofutana. Angalia tarehe. Benki hii inaingiza riba ya mwezi siku ya kwanza ya kazi ya mwezi unaofuata. Ile 1,900 ya tarehe 2 Januari ni riba ya Desemba ya mwaka uliopita. Na riba ya Desemba ya mwaka huu haipo kabisa kwenye stetimenti 12 za mteja, iko kwenye stetimenti ya 13, ile ya Januari inayofuata, imeingia 1,742.50, ukigawa kwa 0.85 ni 2,050. Cheti kimeacha 1,900 na kuchukua 2,050 kwa sababu benki inahesabu riba kwa mwezi ilipozalishwa na sio siku ilipoingia kwenye akaunti. Toa moja kwa nyingine, 150. Kodi yake asilimia 15, 22.50. Imefunga.

Kwa hiyo ukiwa unaomba stetimenti kwa ajili ya ritani omba miezi 13, au hata 14 ukiweza, usiishie Desemba.

Sasa swali, ujaze ipi? Kwenye mfano huu cheti, ila kwanza chukua cheti cha mwaka jana uone kama ile 1,900 ilishahesabiwa kule. Kama ipo kule, vyeti viwili vinapokezana vizuri na hakuna riba inayohesabiwa mara mbili. Shida inakuja benki ikibadilisha utaratibu pamoja na mfumo, yaani mwaka jana walihesabu kwa siku ya kuingia na mwaka huu wanahesabu kwa mwezi wa kuzalishwa, hapo ile 1,900 inaanguka katikati, haipo kwenye cheti chochote. Hiyo bado ni mapato yako na kodi yake 285 ulikatwa kweli, kwa hiyo iandikie benki ikupe ufafanuzi wa maandishi kuhusu mwezi huo mmoja. Na sheria ya kwenu ndo inaamua mapato yanahesabiwa siku yalipopokelewa au yalipozalishwa, soma maelezo ya ritani yenyewe kwenye sehemu ya riba.

Kosa linalogharimu zaidi kuliko yote ni kujaza riba iliyokatwa halafu ukadai na kodi ya zuio. Tuseme kiwango chako wewe cha kodi ya mwaka ni asilimia 30 na mahali ulipo kodi ya zuio inapunguzwa kwenye kodi ya mwaka. Kwa usahihi ni 64,150 mara asilimia 30, inatoka 19,245, unatoa 9,622.50 uliyokwisha katwa, unalipa 9,622.50. Ukijaza 54,527.50, yaani ile iliyobaki mfukoni, kodi inatoka 16,358.25, ukitoa 9,622.50 unalipa 6,735.75. Umepunguza kodi kwa 2,886.75 bila kujua, na pale ambapo benki inapeleka taarifa zilezile mamlaka ya kodi, mfumo unaona 64,150 upande mmoja na 54,527.50 upande wako, barua inakuja na riba ya kuchelewa juu yake. Kuna sehemu pia ambako kodi inayokatwa kwenye riba ya mtu binafsi ndo kodi ya mwisho, hapo hudai kitu, lakini bado unahitaji cheti kuthibitisha kwamba ilikatwa.

Jambo jingine ambalo linavuruga hesabu ya kodi, sio kila mstari wenye neno TAX kwenye stetimenti ni kodi ya zuio. Makato ya benki yenyewe, ya kuendesha akaunti, ya kutuma pesa, yanaweza kuwa na kodi yake, na hiyo inatokea siku ileile inapotoka ada. Kodi ya zuio inafuata riba, mstari wa TAX ukikaa chini ya ada na sio chini ya riba, usiuweke.

Ikitokea umefanya yote haya na bado kuna pengo, hapo sasa ndo uende benki, na usiende na malalamiko ya jumla, nenda na orodha ya mistari, tarehe, kiasi, riba ghafi uliyokokotoa na kodi yake. Pengo likiwa sawasawa na riba ya akaunti moja nzima, uliza kama akaunti hiyo iko chini ya namba nyingine ya mteja, inatokea kwa waliofungua akaunti kwenye matawi mawili tofauti. Hakiki na namba ya mlipakodi iliyoandikwa kwenye cheti, ikikosewa tarakimu moja kodi yako inaweza kusomeka kwa mtu mwingine hata kama kiasi ni sahihi. Akaunti ya watu wawili nayo mara nyingi cheti kinatoka kwa jina la kwanza tu, mgawanyo wenu itabidi muwe na ushahidi wake.

Usirekebishe cheti kwa kalamu, na usijaze namba ya kodi ambayo huna karatasi yake. Omba cheti kipya kilichorekebishwa. Muda wa ritani ukifika kabla hakijatoka, jaza riba ghafi yote uliyoikokotoa kutoka kwenye stetimenti, kwa sababu riba ni mapato hata kama cheti kimeisahau, dai kodi ile tu uliyo na cheti chake, halafu cheti kipya kikitoka urekebishe ritani ndani ya muda unaoruhusiwa.