Maumivu ya Msamba na Mkojo Usio na Nguvu: Dhana Potofu na Ukweli

Tumchukue dereva wa lori mwenye umri wa miaka 36, anayesafiri kati ya Dar es Salaam na Tunduma. Kwa miezi saba amekuwa na maumivu yasiyoisha kwenye msamba, yaani sehemu iliyo kati ya korodani na tundu la haja kubwa, na anayaeleza kama mtu aliyekalia mpira mdogo mgumu. Akisimama kwenye choo cha kituo cha mafuta husubiri karibu nusu dakika kabla ya tone la kwanza, kisha mkojo hutoka mwembamba kama uzi na kukatika njiani. Baada ya kumwaga shahawa maumivu huongezeka kwa siku nzima. Ameshameza dozi tatu za antibayotiki. Mambo mengi aliyoambiwa na wenzake, na mengine aliyoambiwa dirishani kwenye duka la dawa, hayakuwa kweli.

Dhana potofu: "Hii ni yutiai sugu, unahitaji antibayotiki kali zaidi."

Hii ndiyo dhana inayowaumiza wanaume wengi kuliko nyingine zote, kwa hiyo nitaieleza kwa kirefu. Mwaka 1999 ulichapishwa mgawanyo wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani unaotenga prostataitisi, yaani uvimbe au maumivu ya eneo la tezi dume, katika aina nne. Ya kwanza ni maambukizi ya ghafla ya tezi dume, yenye homa kali na baridi ya kutetemeka. Ya pili ni maambukizi sugu ya bakteria. Ya tatu ni maumivu sugu ya nyonga yasiyo na bakteria wanaoonekana, na ya nne haina dalili yoyote. Wanaume wengi mno wanaoambiwa wana prostataitisi wako katika aina ya tatu, ambayo hutajwa pale maumivu yanapodumu kwa angalau miezi mitatu na vipimo visionyeshe chanzo kingine.

Tofauti kati ya aina ya pili na ya tatu hujulikana maabara. Mwenye maambukizi sugu huugua, hupona, kisha huugua tena, na kila mkojo wake unapooteshwa huota bakteria yuleyule. Mkojo ukioteshwa bila kuota kitu, daktari anaweza kuchukua chupa mbili, moja kabla na nyingine baada ya kuikanda tezi dume kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa, ili aone kama bakteria wamejificha kwenye tezi yenyewe. Kipimo hiki hakifanywi kwa mwenye homa, kwa sababu kuikanda tezi yenye maambukizi makali kunaweza kuingiza bakteria kwenye damu.

Dereva wetu hakuwahi kuoteshwa mkojo kabla ya dozi zote tatu. Anasema dozi ya kwanza ilimsaidia kwa wiki moja, na hapo ndipo wengi hunaswa, kwa maana maumivu haya hupanda na kushuka yenyewe, na mtu huanza dawa siku yanapokuwa makali zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004, uliohusisha wanaume 196, ulilinganisha wiki sita za siprofloksasini na dawa isiyo na kiambata chochote, na haukuona nafuu ya maana iliyotokana na antibayotiki hiyo. Mgonjwa ambaye hajawahi kutibiwa anaweza kupewa dozi moja kamili ya majaribio. Kuirudiarudia wakati mkojo hauoti kitu hakuna faida, tena dawa za kundi hilo zinaweza kudhuru kano, hasa ile ya kisigino, pamoja na mishipa ya fahamu.

Dhana potofu: "Mkojo ukipungua nguvu, tezi dume imekua na inaziba njia."

Katika mwanamume wa miaka 65 huenda ikawa hivyo, lakini katika mwenye miaka 36 ni nadra. Tezi dume na kibofu hukaa juu ya misuli iliyotandazwa kama machela chini ya nyonga. Ili mkojo utoke vizuri ni lazima misuli hiyo ilegee wakati uleule kibofu kinapobana. Kwa wanaume wengi wenye maumivu haya, misuli haiachii kabisa, kwa hiyo kibofu husukuma kuelekea mlango uliofunguka nusu. Misuli iliyobanwa kwa miezi huuma yenyewe, na mishipa ya fahamu ya eneo hilo huzidi kuwa mepesi kuhisi maumivu, ndiyo maana mtu huumia hata tezi ikiwa salama.

Daktari alipompima dereva kwa kidole, tezi ilikuwa laini na haikumuuma. Aliposogeza kidole pembeni kushoto na kubonyeza msuli, dereva alishtuka na kusema, "Hapo hapo, daktari, ndipo panaponiuma." Mkojo wake haukuota kitu, na ultrasaundi ilionyesha tezi ya ukubwa wa kawaida na mabaki madogo tu ya mkojo kibofuni.

Hata hivyo, kasoro nyingine hazipaswi kupitwa. Mwanamume aliyewahi kuugua kisonono, kuwekewa mpira wa mkojo au kuumia msamba anaweza kuwa na kovu linalobana mrija, na mkojo wake mara nyingi hutawanyika au kugawanyika, hivyo anahitaji picha ya eksirei ya mrija. Damu mwishoni mwa mkojo kwa mtu aliyeoga au kuvua samaki kwenye maji baridi ya maeneo yenye kichocho inadai kipimo cha kichocho. Homa yenye kutetemeka, kushindwa kabisa kukojoa, au ganzi kwenye msamba pamoja na udhaifu wa miguu ni mambo ya hospitali siku hiyohiyo.

Dhana potofu: "Fanya kegeli, misuli ikaze."

Ushauri huu wa kufanya mazoezi ya kubana misuli ya chini ya nyonga humfaa mtu ambaye misuli yake imelegea. Kwa mwenye misuli iliyokaza tayari, kuibana mara mia kwa siku huongeza maumivu. Mtaalamu wa fiziotherapia alimfundisha dereva kinyume chake: alale chali magoti yakiwa yamekunjwa, avute pumzi hadi tumbo liinuke, na ausikie msamba ukishuka taratibu, kwa dakika kumi asubuhi na jioni. Chooni aliambiwa asikamue. Mtaalamu pia alikanda ile sehemu ya kushoto mara moja kwa wiki. Tamsulosini, inayolegeza mlango wa kibofu, aliongezewa kwa ajili ya mkojo. Majibu ya dawa hii hutofautiana, na asiyeona nafuu baada ya wiki sita hivi hana sababu ya kuendelea nayo.

Dhana potofu: "Umeletewa na mwanamke," au "ni mwanzo wa saratani."

Aina ya tatu haiambukizwi kwa kujamiiana, na haijathibitishwa kuwa hugeuka saratani. Ni busara kupima magonjwa ya zinaa mara moja, lakini majibu yakiwa safi hakuna sababu ya kumshuku mke. Kipimo cha PSA, yaani kipimo cha damu kinachotumiwa kuchunguza saratani ya tezi dume, kinaweza kupanda kwa sababu tu tezi imevimba bila saratani, hivyo hakipaswi kusomwa haraka wakati wa maambukizi.

Maendeleo hupimwa kwa dodoso la maswali lenye alama 0 hadi 43, na kushuka kwa alama sita huhesabiwa kuwa nafuu ambayo mgonjwa mwenyewe anaihisi. Dereva alianza na alama 26, na baada ya miezi mitatu alikuwa na 14. Maumivu bado humrudia baada ya safari ndefu, kwa hiyo sasa husimamisha lori kila baada ya saa mbili, hushuka na kutembea kidogo, na chooni hasubiri tena kama zamani.