Kurasa mbili za jarida: jicho linaanzia wapi, na linapotelea wapi?

"Mbona nikifungua makala ya kurasa mbili kwenye jarida naangalia picha kwanza, nasoma yale maneno makubwa ya katikati, halafu nikirudi kwenye habari yenyewe napotea sijui niendelee wapi?"

Kwa sababu picha na nukuu kubwa zinalivuta jicho kabla ya maandishi ya kawaida, na mara nyingi aliyezipanga hakuliachia njia ya kurudi. Macho yako hayana shida, shida iko kwenye mpangilio.

Watu wengi, hata baadhi ya madizaina, wanaamini kwamba msomaji yeyote anaanzia juu kushoto, anakwenda kulia, anashuka kwa umbo la herufi Z mpaka anatokea chini kulia. Imani hiyo inahusishwa sana na mchoro wa Edmund Arnold, Mmarekani aliyefundisha upangaji wa magazeti, na mchoro wenyewe una maana yake ila unafaa ukurasa uliojaa maandishi yanayofanana, yaani hakuna picha kubwa wala kitu kinachopiga kelele kuliko kingine. Ukishaweka uso wa mtu wa ukubwa wa kiganja pale, ile Z imekufa. Guy Buswell aliyerekodi macho ya watu wakiangalia picha, kazi iliyotoka mwaka 1935, alikuta kila mtu ana njia yake lakini macho yanatua zaidi kwenye watu na nyuso. Na mwaka 1991 Mario Garcia na Pegie Stark walichapisha utafiti wa macho ya wasomaji wa magazeti, ukaonyesha kwamba watu wanaingilia kwenye picha kubwa na vichwa vya habari, maandishi yanafuata baadaye na mengi hayasomwi kabisa. Hayo yalikuwa magazeti lakini, sio majarida, kwa hiyo tuchukue mwelekeo wake tu tusichukue asilimia.

Jicho lenyewe linafanya kazi hivi: halitelezi, linaruka. Linatua kama robo sekunde, linaruka, linatua tena, na kila likitua sehemu inayoonekana vizuri kabisa ni ndogo mno, ukishika jarida sentimita 40 kutoka usoni ni kama sentimita moja na nusu tu. Kinachobaki pembeni ni ukungu wenye maumbo, weusi na weupe, na huo ukungu ndio unaoamua turuke wapi. Kwa hiyo dizaina hampangii msomaji maneno tu, anampangia pia ukungu.

Tuchukue mfano mmoja wa kubuni tuukague. Jarida la A4, limebandikwa kwa gundi mgongoni, makala inamhusu fundi saa. Picha imejaza ukurasa wa kushoto wote ikavuka mkunjo na kula milimita 70 za ukurasa wa kulia. Uso wa fundi umeangukia karibu kabisa na mkunjo, na anaangalia chini kushoto kwenye saa aliyoishika. Kichwa cha habari kiko juu kushoto, juu ya picha. Habari yenyewe imebanwa kulia kwenye safu mbili nyembamba, na nukuu kubwa imelala katikati ikikatiza safu zote mbili.

Tuanze na picha. Jarida la gundi halifunguki likalala, milimita kadhaa kila upande zinamezwa na mkunjo, kwa hiyo shavu na jicho moja la fundi vimeingia shimoni na uso umekuwa mwembamba. Kwenye kompyuta haya hayaonekani maana kurasa ziko bapa, ndo maana kosa linapita mikononi mwa watu wote mpaka kiwandani. Halafu anaangalia nje ya kurasa, kwa hiyo msomaji anatoka usoni anafuata macho mpaka kwenye saa pembeni kushoto, na kuanzia hapo habari iko mbali upande wa pili. Kwamba tunafuata macho ya mwenzetu limepimwa maabara mara nyingi, ila kwenye karatasi yenye vitu vingi nguvu yake ni ndogo kuliko wahariri wanavyosema, hivyo mimi nalichukulia kama msukumo, sio kamba.

Wengi hapo wanaigeuza picha kama kioo ili fundi aangalie kulia. Usifanye hivyo, namba za saa zitakaa kinyume na vifungo vya shati vitahamia upande mwingine, na zaidi ya hapo umemdanganya msomaji. Hamisha picha nzima kwenda ukurasa wa kulia, habari ije kushoto. Sasa fundi anaangalia kuelekea maandishi na hakuna kinachovuka mkunjo. Picha ilikuwa ya kulala, pikseli 6000 kwa 4000, inabidi ikatwe isimame, na kinachoondoka ni meza tupu na rafu ya nyuma. Ukibakiza urefu wote wa pikseli 4000 kwenye ukurasa wenye milimita 303 pamoja na za kukatwa, unapata kama pikseli 335 kwa inchi, safi kabisa. Ila mhariri akisema "sogea karibu zaidi" ukakata nusu ya urefu, unabaki na 168 hivi na kope zinaanza kuwa laini. Na usikate kwenye kifundo cha mkono, kata katikati ya mkono wa mbele, la sivyo mkono unaonekana kama umekatika kweli.

Sasa ile nukuu, na kwangu hii ndiyo mbaya kuliko yote. Nukuu inayokatiza safu mbili inagawa maandishi vipande vinne: juu kushoto, juu kulia, chini kushoto, chini kulia. Msomaji akimaliza kipande cha kwanza yuko njia panda bila kibao, anaweza kuruka nukuu ashuke chini, anaweza kupanda juu ya safu ya pili, na njia zote mbili ni halali kwa macho. Atajaribu moja, atasoma maneno matano au sita, sentensi ikigoma kuunga atarudi ajaribu nyingine, na akirudi hivyo mara mbili wengi wanafunua ukurasa. Kuongeza mistari juu na chini ya nukuu hakusaidii, ukuta unazidi kuwa mnene tu. Dawa ni kuiweka nukuu ndani ya safu moja, hapo hakuna chaguo ila kushuka, au kuitoa kabisa ukaiweka ukingo wa nje.

Kuna na umbali. Nukuu ikikaa mistari mitatu juu ya sentensi ileile ndani ya habari, msomaji anayakuta maneno aliyoyasoma sasa hivi, anadhani amerudia mstari, anaanza kutafuta alipokuwa. Isogeze mbali, safu nyingine ni bora, na iwe kabla ya sentensi yake ili imvute mtu mbele bila kumwambia mwisho wa habari.

Kukagua yote haya, chapa kurasa kwa ukubwa wake halisi, zikunje, zishike kama jarida la gundi uone mkunjo unameza nini. Halafu mpe mtu ambaye hajaisoma habari, mwambie asome huku akifuatisha kwa kidole. Kidole kikisimama au kikirudi juu, weka alama hapohapo kwa penseli. Mpe na mtu wa pili, wa tatu. Kikisimama kwa mmoja inaweza kuwa usingizi wake tu, lakini alama zikirundikana chini ya safu ya kwanza, hamisha nukuu kabla hujagusa fonti wala rangi.