Jibu la "1 kwa 90" na sindano ya maji ya uzazi

Swali: Dokta, mke wangu ana miaka 38, mimba wiki 13, ultrasaundi na damu vimetoa 1 kwa 90, wameandika hatari kubwa. Ndo mtoto keshaathirika?

Jibu: Hapana kaka yangu. Wachukue kina mama 90 wenye jibu kama hilo, mmoja ndo mtoto wake ana Down, yani kromosomu namba 21 ziko 3 badala ya 2, hao 89 waliobaki watoto wao hawana. Kipimo hicho hakijaangalia kromosomu hata moja, kimepima maji yaliyo nyuma ya shingo ya mtoto na vitu viwili kwenye damu ya mama, kikachanganya na umri, kikapiga hesabu. Na hiyo "hatari kubwa" ni mpaka tu watu wamejiwekea, Uingereza kwa mfano ni 1 kwa 150. Wa 1 kwa 200 naye anaweza kuzaa mtoto mwenye Down, sema ni nadra zaidi.

Swali: Wametuambia kuna sindano ya kuvuta maji ya uzazi ili kupima kromosomu za mtoto kwa uhakika. Hiyo sindano ikoje, mimba haitoki?

Jibu: Inaanzia wiki 15, kwa hiyo mna muda wa kufikiri. Daktari anaangalia kwa ultrasaundi huku anapitisha sindano nyembamba tumboni, anavuta maji kama vijiko 3 au 4 vya chai, dakika chache basi. Mimba kutoka inatokea, ila chini ya 1 kwa 100. Mama mwenye damu negativu aseme mapema maana anahitaji sindano ya anti-D, ya kuzuia mwili wake usitengeneze kinga dhidi ya damu ya mtoto. Akirudi nyumbani akaona homa, maji yanavuja au damu, hospitali saa hiyohiyo. Jibu la haraka siku kama 3, la kamili wiki 2 hivi kwa sababu seli zinaoteshwa kwanza. Likija zuri ni zuri kwa kromosomu, si kwa kila ugonjwa, na likija la Down halisemi mtoto atakuwa mzito kiasi gani wa kujifunza.

Swali: Tufanye au tuache?

Jibu: Ulizaneni kabla ya kuchomwa: jibu likija la Down, tutafanya nini? Kama mtamlea kwa vyovyote, basi sindano inawapa kujiandaa tu, na kujiandaa kuna maana khasa kwa moyo, karibu nusu ya watoto hawa wana tatizo la moyo, lakini moyo unaweza kuangaliwa kwa ultrasaundi wiki 20 bila kuchoma mtu. Wengine hawalali mpaka wajue, nao wana haki. Kuna pia kipimo cha vinasaba vya mtoto kwenye damu ya mama, hakina hatari kwa mimba, ila kikisema ndiyo bado sindano inatakiwa kuhakikisha.

Kama mnataka kumuuliza shekhe kuhusu siku 120 za mtoto kupuliziwa roho, mwambieni wiki za hospitali zinahesabiwa tangu hedhi ya mwisho, mimba yenyewe ina wiki 2 pungufu. Na muulize hospitali sampuli inapimwa wapi, maana ikivuka bahari siku zinaongezeka.