Kwa nini ujumbe wa wakala wa forodha "lipa ushuru mzigo utoke" huzua ugomvi?

"Wakala wangu aliniandikia: 'Bosi, mzigo umefika, tuma 9.5m ya ushuru haraka utoke leo.' Nilipopiga hesabu yangu nikapata 8.6m. Je, ananipunja?"

Huenda hakupunji hata senti. Kosa lipo kwenye maandishi yake.

Tuchukue mwenye duka wa Majengo, Dodoma, aliyeagiza saa za ukutani zinazoshukia bandari ya Dar es Salaam. Bei ya bidhaa, nauli ya meli na bima kwa pamoja ni shilingi 20,000,000, na ushuru wa forodha wa bidhaa hizo ni asilimia 25, yaani 5,000,000. Tozo ndogo tuziweke kando. Mwenye duka hukokotoa VAT ya asilimia 18 kwenye ile milioni 20, akapata 3,600,000. Forodha haihesabu hivyo. VAT hukokotolewa baada ya ushuru kuongezwa, kwa hiyo ni asilimia 18 ya 25,000,000, sawa na 4,500,000. Tofauti ya 900,000 ndiyo inayomfanya wakala aonekane mwizi, na yeye ameiita ile 9.5m yote "ushuru".

Neno "tuma" nalo lina madhara. Mtu aliye Dodoma, kilomita zaidi ya 400 kutoka bandarini, anaelewa kwamba fedha inapita mkononi mwa wakala. Na "utoke leo" ni ahadi asiyoweza kuitimiza, kwa sababu baada ya kodi huweza kubaki ukaguzi, malipo ya bandari na ya kampuni ya meli.

Ningeuandika upya hivi:

"Habari za asubuhi dada. Mzigo wako wa saa umefika Dar na makadirio ya kodi yametoka. Thamani iliyotumika ni 20,000,000: bidhaa, nauli na bima. Ushuru wa forodha ni 5,000,000. VAT ni 4,500,000, kwa kuwa inahesabiwa juu ya thamani pamoja na ushuru. Jumla 9,500,000. Nimekutumia nakala ya TANSAD, yaani hati ya forodha ya mzigo wako, na kontrol namba. Lipa mwenyewe benki, fedha inaingia serikalini moja kwa moja. Bila malipo hayo forodha hawawezi kuuachia mzigo. Yakishasoma kwenye mfumo, nitafuatilia ruhusa ya kutoa mzigo na malipo ya bandari. Ada yangu ina ankara yake. Kila siku inayopita baada ya muda wa bure, bandari inatoza stoo, hivyo naomba ulipe mapema."

Ujumbe umekuwa mrefu zaidi, na napenda hivyo, kwani kila kiasi kilichomo sasa kinaweza kuhakikiwa. Kabla ya kuthibitisha malipo, mwombe mhudumu wa benki akusomee jina na kiasi kinachotokea kwenye ile kontrol namba. Kiasi kisipolingana na cha TANSAD, simamisha malipo, mpigie wakala ukiwa bado dirishani.