Rekodi ya Ushahidi: Chukua Alama Yake Kabla Haijatoka Mkononi

Fundi mmoja alirekodi kwa simu video ya dakika sita, mwenye nyumba akikubali deni. Akaituma WhatsApp kwa wakili, kisha akafuta ya kwenye simu ili apate nafasi. Shauri lilipofika kwangu, faili iliyokuwa na zaidi ya MB 700 ilikuwa imebaki MB 40 hivi. WhatsApp hubana video inapotumwa kama video ya kawaida, na taarifa za ndani za faili hupotea. Upande wa pili ukauliza: mnathibitishaje kwamba hamkukata kitu? Hatukuwa na jibu.

Angepaswa kuihamishia kwenye kompyuta kwa waya, bila kuifuta kwenye simu, na kuchukua alama yake siku hiyohiyo, yaani namba ya utambulisho ambayo kompyuta huikokotoa kutokana na yaliyomo kwenye faili. Kwenye Windows amri ni hii:

```
certutil -hashfile VID_014.mp4 SHA256
```

Itatoka safu ya herufi na tarakimu 64. Hiyo ndiyo alama ya faili. Ukibadilisha jina la faili, alama haibadiliki. Ukikata hata sekunde moja, au ukiifungua kwenye programu ya kuhariri na kuihifadhi upya, hutoka alama nyingine kabisa.

Alama ikikaa folda moja na video, haina nguvu, maana anayeweza kubadilisha video anaweza kubadilisha na alama. Iandike kwenye karatasi, weka tarehe na saa, usaini mbele ya shahidi, kisha mtumie wakili kwa barua pepe. Video yenyewe inakiliwa kwenye flashi mbili. Moja inafungwa kwenye bahasha iliyosainiwa juu ya gundi, na nyingine ndiyo ya kufanyia kazi.

Kuanzia hapo, kila makabidhiano yaandikwe: nani ametoa, nani amepokea, lini, kifaa gani. Anayepokea achukue alama upya kabla ya kusaini, na alinganishe herufi zote 64, siyo nne za mwanzo tu. Nimeona daftari zilizojazwa vizuri sana ila zikaruka siku tatu, flashi ikiwa kwenye droo ya ofisi isiyofungwa. Wakili wa upande wa pili alizing'ang'ania siku hizo tatu.

Lakini alama inathibitisha tu kwamba faili haijabadilika tangu alama ilipochukuliwa. Haisemi sauti ni ya nani, wala kama video ilikatwa kabla ya hapo. Ndiyo maana simu iliyorekodi nayo itunzwe, isifutwe wala kuuzwa, mpaka shauri liishe.

Alama zisipolingana, usijaribu kurekebisha kitu. Andika alama zote mbili kwenye daftari pamoja na saa uliyogundua, weka nakala hiyo kando bila kuifuta, kisha rudi kwenye bahasha iliyofungwa. Ifungue mbele ya pande zote mbili, na uchukue alama upya wote wakiangalia.